Cloud Download au Local Reinstall: Kompyuta ya Ofisi Ikirudishwa Mwanzo, Ni Nini Hubaki?

*Ifuatayo ni mada iliyotolewa kwa wasimamizi na makarani wa wadi katika mafunzo ya matumizi ya kompyuta za kaunti. Imechapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.*



Mada ya leo inahusu vitufe viwili vinavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta dakika chache kabla Windows haijafutwa na kuwekwa upya. Kimoja kimeandikwa Cloud download na cha pili Local reinstall. Karibu kila anayefika hapo huuliza swali moja: nikichagua hiki, faili zangu zitapona? Jibu ni kwamba vitufe hivyo viwili haviamui hatima ya faili zako hata kidogo. Hatima yao iliamuliwa kwenye ukurasa uliotangulia, ambao wengi huupita haraka. Kisa cha karani mmoja kitaonyesha jambo hilo vizuri zaidi kuliko maelezo.

Laptopu ya ofisi ya wadi

Karani huyo hufanya kazi katika ofisi ya wadi na laptopu moja yenye Windows 11. Ndani yake mna barua, bajeti za Excel, picha za miradi na programu ndogo ya kusajili waombaji wa basari. Msimu huo, rejista ya basari ilikuwa na majina zaidi ya 400, pamoja na jina la shule, namba ya simu ya mzazi na maelezo ya hali ya nyumbani ya kila mwanafunzi. Orodha ilitakiwa mbele ya kamati Ijumaa.

Siku ya Jumatatu laptopu ilianza kusumbua. Kitufe cha Start kilikataa kufunguka, masasisho ya Windows yalishindwa kila yalipojaribu kuingia, na mashine ilijizima mara mbili kabla ya saa sita. Karani aliwahi kumwona mwenzake akirudisha kompyuta mwanzo, kwa hiyo aliamua kufanya vivyo hivyo. Alifungua Settings, akaenda System, kisha Recovery, na kubofya Reset PC. Wenye Windows 10 huupata ukurasa huo kupitia Settings, Update & Security, halafu Recovery.

Ukurasa wa kwanza ulimpa njia mbili. Keep my files huondoa programu na mipangilio lakini huacha faili za mtumiaji. Remove everything huondoa vyote: faili, programu na akaunti za watumiaji. Alichagua Keep my files, na hapo alifanya vyema.

Ukurasa wa pili ulimuuliza Windows mpya itoke wapi. Kwa kuwa ofisi yao hutumia bando la simu, alichagua Local reinstall ili asile data. Mashine ilijizima, ikawaka, ikahesabu asilimia kwa muda, kisha ikarudi palepale ilipokuwa na ujumbe huu: "There was a problem resetting your PC. No changes were made."

Karani alishtuka na kumpigia afisa wa TEHAMA wa kaunti ndogo.

"Bwana, nimeharibu mashine. Basari zote zimo humo."

"Hujaharibu kitu, madam. Soma maneno ya mwisho hapo kwenye kioo. Inasema hakuna kilichobadilishwa. Faili zako ziko ulipoziacha. Lakini usibofye tena mpaka uniletee hiyo laptopu."

Kwa nini Local reinstall ilishindwa

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya kila kompyuta mna nakala safi ya Windows, imefungwa mahali fulani, ikingoja siku ya shida. Katika Windows 10 na 11 mambo hayaendi hivyo. Local reinstall hujenga Windows mpya kutokana na faili za Windows iliyoko kwenye diski, ile ile unayotaka kuiondoa. Ni kama fundi anayebomoa nyumba na kuijenga tena kwa mawe yale yale. Mawe yakiwa mazima, kazi huenda haraka na hununui kitu. Yakiwa yamepasuka, ujenzi hukwama, au nyumba mpya husimama na nyufa za ile ya zamani.

Hiyo ndiyo faida na udhaifu wake kwa pamoja. Haihitaji intaneti, na kwa kawaida huisha mapema kuliko njia ya pili. Inafaa sana kwa kompyuta ambayo Windows yake ni nzima lakini imejaa programu zisizohitajika, au inayohamishwa kutoka kwa mfanyakazi mmoja hadi kwa mwingine. Ikiwa ugonjwa umo ndani ya faili za Windows zenyewe, Local reinstall huanza safari na mzigo ule ule mbovu.

Afisa alipoipokea laptopu alitaka kujua mzigo huo uko katika hali gani. Alibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Start, akachagua Terminal (Admin), na kuandika amri hii:

```
sfc /scannow
```

Amri hiyo hukagua faili za Windows moja baada ya nyingine na kujaribu kutengeneza zilizoharibika. Jibu lilikuwa: "Windows Resource Protection found corrupt files but was unable to fix some of them." Maana yake, kulikuwa na faili mbovu na baadhi yake hazikutengenezeka. Akajaribu amri ya pili, ambayo hurekebisha ile ghala ambamo Windows huchukua vipuri vyake:

```
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
```

Hiyo nayo ikakwama ikisema "The source files could not be found", yaani haikupata faili nzima za kuchukua mahali pa zile mbovu. Hapo sababu ya Jumatatu ikawa wazi. Ghala lenyewe lilikuwa limeharibika, na Local reinstall isingefaulu hata ikirudiwa mara kumi.

Amri hizi mbili hazifuti faili za mtu, na mara nyingi huisha ndani ya saa moja. Wakati mwingine zenyewe hutosha kuponya mashine na haja ya kuirudisha mwanzo ikaisha. Ndiyo maana afisa huzianza kabla ya kugusa Reset PC.

Si kila kushindwa kunatokana na diski ya mtumiaji, hata hivyo. Mwezi Agosti 2025, sasisho la Windows lililotolewa kwa umma lilileta hitilafu iliyofanya Reset PC ishindwe kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na za matoleo ya awali ya Windows 11. Microsoft ililazimika kutoa sasisho la dharura siku chache baadaye. Kwa hiyo ujumbe ule ukitokea kwenye mashine ambayo amri ya kwanza inaiona nzima, hatua ya busara ni kuingiza masasisho yote kwanza, kisha kujaribu tena.

Cloud download huleta nini

Cloud download iliingia katika Windows 10 mwaka 2020, na ililetwa kwa ajili ya hali kama hii. Kompyuta haichukui mawe ya nyumba ya zamani. Huteremsha faili za Windows kutoka kwa seva za Microsoft kupitia intaneti na kujenga kwa hizo. Faili mbovu zilizoko kwenye diski hazina nafasi katika ujenzi huo.

Jambo moja huwachanganya watu hapa. Neno "cloud" huwafanya wafikiri kwamba faili zao zitapandishwa mtandaoni na kuhifadhiwa huko. Hakuna kinachopanda. Mzigo unashuka tu, na mzigo huo ni Windows peke yake. Pia haileti toleo jipya zaidi. Mwenye Windows 10 atateremshiwa Windows 10, na mwenye Windows 11 atapata toleo lile lile alilokuwa nalo.

Gharama yake ni data na muda. Windows yenyewe huonya kwamba njia hii inaweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4. Kwa ofisi inayonunua bando, hilo ni jambo la kupigia hesabu kabla ya kubofya. Kasi nayo ni muhimu: kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 4 huchukua karibu saa moja kushuka. Kwenye laini dhaifu ya megabiti 2, muda huo huwa saa nne na nusu, na hapo Windows haijaanza kuwekwa. Diski nayo lazima iwe na nafasi ya kupokea mzigo huo.

Ndiyo maana afisa hakuifanya kazi ile kwa bando la ofisi ya wadi. Aliifanya katika ofisi ya kaunti ndogo yenye laini ya faiba, laptopu ikiwa imechomekwa kwenye stima na betri ikiwa imejaa. Betri hiyo si ya urembo. Stima ikipotea katikati ya ujenzi, kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha akiba huzimika ghafla, na huenda ikawaka ikiwa haina Windows ya zamani wala mpya.

Kilichobaki na kilichoondoka

Jumanne jioni laptopu iliwaka ikiwa safi. Afisa alikuwa amechagua Keep my files na Cloud download. Karani aliketi, akafungua Documents na kukuta barua zake zote. Bajeti za Excel zilikuwepo. Picha za miradi zilikuwepo, na hata zile faili alizoziacha ovyo kwenye Desktop na Downloads zilikuwa mahali pake. Akaunti yake ya kuingilia ilikuwa ile ile.

Ingekuwa hivyo hivyo kama Local reinstall ingefaulu. Keep my files huacha vitu vile vile, Windows ikitoka mtandaoni au kwenye diski. Remove everything nayo hufuta vile vile kwa njia zote mbili.

Kisha karani akatafuta programu ya basari. Haikuwepo. Kwenye Desktop palikuwa na faili mpya iitwayo Removed Apps, ambayo Windows huiacha ikiwa orodha ya programu zilizoondolewa. Programu ya basari ilikuwa ndani ya orodha hiyo, pamoja na kivinjari alichozoea, programu ya printa na Office. Hilo lilitarajiwa, maana programu iliyoongezwa na mtumiaji haibaki. Office ingerudi kwa akaunti au namba ya usajili iliyonunuliwa nayo, na Windows yenyewe ilijisajili tena bila kuulizwa, kwa sababu leseni yake imefungamana na mashine.

Wakaiweka upya programu ya basari kutoka kwenye flashi. Ikafunguka ikiwa tupu. Hakuna jina hata moja.

Hapa ndipo watu wengi hupotelewa, na ndipo maneno "my files" yanapohitaji kusomwa kwa makini. Windows huhesabu kuwa faili zako zile zilizo katika folda zako: Documents, Desktop, Downloads, Pictures na nyingine za aina hiyo. Lakini programu nyingi haziweki kazi yako huko. Huiweka katika folda zao wenyewe. Keep my files haihifadhi vilivyomo katika `C:\Program Files`, `C:\Program Files (x86)`, `C:\ProgramData` na `C:\Windows`. Pia haihifadhi folda iitwayo AppData, ambayo imo ndani ya folda ya kila mtumiaji lakini imefichwa. Humo ndimo vivinjari huweka alamisho na nywila, ndimo baadhi ya programu za barua pepe huweka barua, na ndimo programu ya basari ilikuwa imeweka rejista yake tangu siku ya kwanza, bila karani kujua.

"Kwa hiyo wale watoto wamepotea?" karani akauliza.

"Bado, madam. Tuangalie nyumba ya zamani kwanza."

Baada ya Keep my files, Windows huacha folda iitwayo `C:\Windows.old`, na ndani yake mna AppData ya kila mtumiaji kama ilivyokuwa. Afisa alifungua File Explorer, akabofya View, kisha Show, na kuweka alama kwenye Hidden items ili folda zilizofichwa zionekane. Akaingia `C:\Windows.old\Users`, folda ya karani, AppData, halafu Local. Folda ya programu ya basari ilikuwepo, na faili ya rejista ndani yake ilikuwa na tarehe ya Jumatatu ile. Aliinakili kwenye flashi kwanza. Kisha akaifunga programu, akaiweka rejista hiyo mahali pake katika AppData mpya, na kuifungua tena. Majina yote yalirudi. Orodha ikafika kwa kamati Ijumaa.

Wangengoja, isingewezekana. Windows huifuta Windows.old yenyewe baada ya siku kadhaa, na mtu anayesafisha diski ili kupata nafasi anaweza kuifuta siku hiyo hiyo. Na kama karani angechagua Remove everything, Windows.old isingemwachia kitu cha kuokoa.

Kabla ya kubofya Reset

Kutokana na kisa hicho, ofisi inayotaka kurudisha kompyuta mwanzo ifanye mambo manne, kwa mpangilio huu.

Kwanza, inakili kazi yote kwenye diski ya nje, na kunakili Documents peke yake hakutoshi. Kwa kila programu ya usajili, uhasibu au stoo, karani aulize wapi huweka data yake, au atumie kitufe chake cha kutoa nakala, ambacho mara nyingi huitwa Backup au Export. Nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili ithibitike kuwa ni nzima.

Pili, ihakikishe funguo zipo: nywila za akaunti, namba za usajili wa programu, na ufunguo wa BitLocker ikiwa diski imefungwa kwa njia hiyo. Ufunguo huo ni tarakimu 48, na kompyuta inaweza kuuomba inapowaka upya, hasa kazi ikianzishwa kutoka kwenye kioo cha buluu cha dharura. Asiye nao hataingia, na hakuna fundi atakayemsaidia.

Tatu, ijaribu njia nyepesi. Amri mbili zilizotajwa hapo juu ni mojawapo. Nyingine iko kwenye ukurasa ule ule wa Recovery katika Windows 11 za karibuni, nayo huitwa Fix problems using Windows Update. Huteremsha Windows na kuiweka juu ya ile iliyopo, ikiacha faili, programu na mipangilio yote. Kwa mashine inayowaka vizuri lakini ina hitilafu, hiyo hugharimu kidogo kuliko Reset PC.

Nne, ichague chanzo. Ikiwa `sfc` inasema faili ni nzima na intaneti ni ya bando, Local reinstall inatosha. Ikiwa faili ni mbovu, au Local reinstall imeshashindwa mara moja, ni Cloud download kwenye laini nzuri. Kabla ya kitufe cha mwisho kuna ukurasa wa Additional settings. Ukibofya Change settings utakuta swali Download Windows, ambalo ndilo chaguo lile lile la cloud au local, kwa hiyo aliyekosea bado ana nafasi ya kurekebisha.

Kompyuta inayoondoka ofisini

Kuna hali moja ambayo Keep my files ni kosa: kompyuta inapouzwa kwa mnada, kutolewa kwa shule au kurudishwa kwa aliyeikodisha. Rejista ya basari ina habari za watoto na umaskini wa familia zao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka ofisi inayoshika habari kama hizo izilinde. Hapo huchaguliwa Remove everything. Chini ya Change settings, swali la Clean data liwekwe Yes. Lisipowekwa, faili huondolewa kwa namna ambayo mtu mwenye programu ya kuokoa data anaweza kuzirudisha. Likiwekwa, diski husafishwa kwa undani, na kazi inaweza kuchukua saa nyingi. Kompyuta yenye diski zaidi ya moja huuliza pia Delete files from all drives. Bila Yes hapo, diski ya D hubaki na kila kilichokuwamo, na huenda hapo ndipo karani alipoweka nakala zake.

Karani wa wadi ile sasa hutoa nakala ya rejista kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi. Flashi yake haikai ndani ya mkoba wa laptopu; hufungiwa kwenye kabati la ofisi.